Ukisifiwa, jibu lako liishie wapi

Ninafundisha mazungumzo ya Kiswahili hapa Bukavu, na somo linalowasumbua wanafunzi wangu kuliko hata kutaja saa ni lile la kujibu sifa. Sarufi wanaijua vizuri. Lakini mtu akiwaambia "unapendeza leo", wanakauka, au wanakataa mpaka aliyesifu anajuta kufungua mdomo.

Ugumu huu una sababu. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani Anita Pomerantz alionyesha kwamba anayesifiwa anavutwa pande mbili kwa wakati mmoja: inafaa akubaliane na mwenzake, na tena haifai ajisifu. Akikubali wazi, amejisifu. Akikataa, amempinga mtu aliyemtendea wema. Ndiyo maana majibu mengi yanayosikika ya kawaida yanapita katikati, na mojawapo ya njia hizo ni kuipeleka sifa mahali pengine.

Tuchukue fundi wa kushona pale Kadutu. Amemaliza libaya la mama mmoja anayekwenda harusini. Kikwembe kina maua makubwa, naye ameyapanga hivi kwamba mshono wa mbele haukukata ua hata moja: nusu ya kushoto imekutana na nusu ya kulia sawasawa. Mama analivaa, anajitazama kwenye kioo, anasema: "Fundi, unajua kazi! Angalia vile maua inakutana."

Fundi akijibu "hapana mama, ni kitu kidogo tu", anamwachia mama mzigo. Mama atalazimika kurudia sifa kwa nguvu zaidi, "kidogo namna gani?", au ataanza kuitazama mishono upya akitafuta kasoro ambayo fundi ameificha. Kwa kazi ya kulipwa hili ni baya zaidi, maana mama bado hajatoa pesa yote, na kitu kidogo hakistahili bei kubwa. Akijibu "ndiyo, hapa hakuna mwingine anaweza", mama atacheka kidogo na maongezi yatakufa.

Sasa sikiliza jibu hili: "Aksanti sana, mama. Kikwembe ulichagua ni muzuri, maua yake inaonekana wazi. Nilianza kukata mbele kwanza, njo maana inakutana. Ku mabega haikukazi?"

Shukrani imetangulia, kwa hiyo mama hakupingwa. Kisha sehemu ya sifa imerudi kwake yeye aliyechagua kitambaa, na hilo ni kweli, wala si kumbembeleza. Halafu fundi ametaja hatua moja ya kazi yake. Hapo ndipo ninapowasimamisha wanafunzi muda mrefu: kueleza ulivyofanya si kujisifu, ni kumwonyesha mtu kwamba umesikia alichokisifu hasa. Swali la mwisho linampa mama kitu cha kujibu. Bila swali hilo, wote wawili wanabaki wanatazamana, na aliyesifu anahisi lazima asifu tena.

Nguo na sura ni jambo jingine kidogo, maana mara nyingi hakuna kazi ya kueleza. Dada mdogo akikuambia umependeza, "aksanti, mama njo alinipatia iki kikwembe" inatosha kabisa. Wengi hukimbilia "na wewe pia". Mimi siipendi ikitoka haraka, kabla hujamtazama mwenzako. Inasikika kama deni linalolipwa. Ukitaka kurudisha sifa, taja ulichokiona: namna alivyosuka nywele, au rangi ya kitambaa alichofunga.

Na "ni Mungu"? Ni jibu zuri na la kweli kwa mtoto aliyefaulu mtihani au mgonjwa aliyepona. Kwa libaya lililoshonwa vizuri, lisibaki peke yake, kwa sababu mama alitaka kuongea juu ya maua.

Desturi hizi hazikai mahali pamoja. Rong Chen alichunguza Xi'an, China, na mwaka 1993 akaandika kwamba karibu majibu yote aliyokusanya yalikataa sifa. Utafiti wake na Dafu Yang katika mji uleule, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta zaidi ya nusu wakizikubali. Nami hapa nawasikia vijana wakisema "mersi" tu na kuendelea, na wenzao hawaoni kiburi ndani yake. Kwa mzee, neno hilo pekee linaweza kuonekana fupi mno. Mwongezee "papa" au "mama", na sauti yako ishuke kidogo.

Mkubwa wa kazi akikusifu mbele ya wenzako, usieleze hatua zako hata kama ni za kweli, maana wenzako wanasikiliza wakisubiri kujua kama utawataja. "Aksanti, mukubwa. Tulisaidiana na wenzangu," kisha nyamaza. Kama ni mmoja aliyekusaidia, mtaje kwa jina.