Taimlapsi ya nyumba inayojengwa: tunayoamini na yanayotokea saiti

Mwaka jana jamaa mmoja aliniletea picha elfu ishirini na kitu za nyumba yake ya Kigamboni, zote zimepigwa kwa simu iliyofungwa kwenye mti. Alitaka video ya dakika moja. Tulichopata ni msingi mzuri, kisha ukuta wa chumba cha mbele, kisha ukuta uleule hadi mwisho, kwa sababu ulishaziba kila kitu nyuma yake. Simu haikuwa na kosa. Picha zilipigwa kabla skripti, yaani orodha ya matukio na sekunde za kila moja, haijaandikwa.

Taimlapsi, kwa asiyeijua, ni picha mojamoja zinazopigwa kwa pengo maalumu kisha zikaungwa kuwa video, miezi ikapita kwa sekunde. Yafuatayo ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara kuihusu.

Dhana: gawanya miezi ya ujenzi kwa picha unazohitaji, umepata pengo.

Hesabu yenyewe ni sahihi:

```
pengo = muda wa tukio / (sekunde za video × 25)
```

25 ni idadi ya fremu, yaani picha, kwa kila sekunde ya video. Kosa ni kuifanya mara moja kwa nyumba nzima. Nyumba haikui kwa mwendo mmoja. Kuta hupanda taratibu wiki kadhaa, halafu bati linaezekwa siku chache tu na mtaa mzima unaona nyumba imebadilika.

Tuchukue nyumba ya chini ya vyumba vitatu, mafundi wanafanya kazi siku 6 kwa wiki, saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni. Kwenye skripti nimeandika: kuta mpaka lenta, sekunde 20, kuezeka, sekunde 18. Kuta zitachukua wiki 4, yaani siku 24 za saa 10, dakika 14,400. Sekunde 20 ni fremu 500. Pengo linatoka karibu dakika 29. Kuezeka ni siku 4, dakika 2,400, kwa fremu 450: pengo la dakika 5 na kidogo. Ukipiga nyumba nzima kila dakika 29, siku 4 za bati zitakupa picha 80 hivi, sekunde 3. Mtazamaji atapepesa jicho na paa limeshakaa.

Kwa hiyo pengo la kamera hufuata tukio la haraka kuliko yote kwenye skripti, si wastani. Hapa ni dakika 5 tangu siku ya kwanza. Kwenye kuta nitachukua picha moja kati ya kila sita wakati wa kuhariri. Picha ya ziada unaiacha, ila picha ambayo haikupigwa huipati popote. Na gharama yake ni ndogo: siku 120 za kazi kwa pengo hilo ni picha 14,400, na kwa megabaiti 5 kila moja ni gigabaiti 72. Kadi ya gigabaiti 128 inatosha.

Angalia nimesema siku za kazi. Sote tunajua hela ikikata nyumba inasimama, na majani yanaota sebuleni. Ukihesabu kwa kalenda, nusu ya video yako itakuwa majani hayo.

Dhana: pengo fupi litawaonyesha mafundi wakifanya kazi.

Kwa dakika 5 mafundi hawaonekani wakitembea. Wanarukaruka kama viroboto, huyu yuko kwenye kiunzi, fremu inayofuata hayupo. Nyumba inakua vizuri, watu ni vivuli tu. Ukitaka mtu aonekane akibeba ndoo ya zege kutoka kwa mchanganyaji hadi juu, unahitaji pengo la sekunde, si dakika.

Hapa ndipo muda wa kupiga unapobadilika, na wengi hukwama. Tuseme skripti inataka sekunde 6 za lenta ikimwagwa, fremu 150. Umwagaji unachukua saa 3. Ukizigawanya saa zote 3 unapata pengo la sekunde 72, na viroboto wanarudi. Geuza hesabu: anza na pengo la sekunde 10, zidisha kwa 150, unapata dakika 25. Basi siku hiyo unakwenda na kamera ya pili, unapiga dakika 25 kazi ikiwa imekolea, unafunga virago. Huhitaji saa 3 zote. Kwenye skripti lenta iandikwe kama onyesho lake lenyewe, na kamera yake.

Dhana: lenga kamera kaskazini, jua litakaa mgongoni.

Ushauri huu unafaa Ulaya, ambako jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko kama nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta. Jua la saa sita mchana hupita upande wetu wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, kisha linahamia kusini. Ujenzi wa miezi mitano au sita unaweza kuanza jua likiwa upande mmoja na kumalizika likiwa upande wa pili.

Kwa Dar mimi hupendelea kamera itazame kusini. Juni jua liko nyuma yako na linaangaza ukuta unaoupiga. Desemba liko mbele yako, lakini juu sana, nyuzi 73 hivi kutoka upeo wa macho, mbali na fremu. Ubaya uko mashariki na magharibi: ukitazama mashariki, jua linaingia kwenye lenzi saa ya kwanza ya kazi, ukitazama magharibi, linakukuta mafundi wakikaribia kunawa. Kiwanja kikikulazimisha, punguza saa za kupiga upande huo wa siku na ufanye hesabu ya pengo upya.

Dhana: panga fremu kwa kinachoonekana leo.

Leo kuna mitaro ya msingi tu, hivyo mtu anasogea karibu na kuijaza fremu. Wewe panga kwa kilele cha paa kilichoandikwa kwenye ramani. Lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili, ukiwa mita 12, inaona upana wa mita 18 na, kwa umbo la video, urefu wa mita 10. Nyumba ya upana wa mita 14 inakaa humo na nafasi pembeni. Wiki za mwanzo kutakuwa na anga tupu, na ni sawa.

Kimo ndicho kilichomwangusha yule jamaa. Simu yake ilikuwa usawa wa macho, mita 1.6, na tofali zilipofika kozi ya saba ndani hapakuonekana tena. Ningeifunga mita 4 au 5 juu, kwenye nguzo au ukingo wa ghorofa la jirani, nikilenga pembe ya nyumba ili pande mbili zionekane. Muulize jirani mapema kama ana mpango wa kupandisha simtanki hapo.

Dhana: acha kamera ijichagulie mwanga.

Wingu likipita itabadilisha kila kitu na video itapepesa. Funga fokasi, rangi, ISO na tundu la lenzi. Iachie kasi ya shata tu, maana mwanga wa nje kwa miezi hauwezi kufungwa wote. Kisha kila wiki, ukifuta vumbi kwenye kioo cha boksi, weka picha ya siku ya kwanza juu ya picha ya leo na uififishe. Kona ya uzio wa jirani ikionekana mara mbili, kamera imesogea, na ni bora uijue ikiwa ni wiki moja ya picha za kunyoosha kuliko miezi miwili.