Safu ya mwisho ndiyo ya kuanza nayo

Wateja wangu wengi hapa Tanga wakipokea taarifa ya benki ya mwezi huangalia salio la mwisho tu, kisha karatasi inakunjwa. Mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu vya maduka, na huanza na safu ya salio, mstari kwa mstari: salio la juu, toa kilichotoka au jumlisha kilichoingia, lazima upate salio la mstari unaofuata. Usipolipata, kuna mstari au ukurasa umekosekana.

Chukua mfano wa muuza vipuri wa Ngamiani. Mwezi unafunguka na 1,240,000. Tarehe 3 anaweka hundi ya 600,000, salio linasomeka 1,840,000. Tarehe 4 anamlipa msambazaji 900,000, na chini yake kuna makato ya 3,000. Salio: 937,000. Hesabu imekaa sawa kabisa. Lakini siku hiyohiyo anataka kulipa kodi ya fremu 400,000, benki inakataa.

Hajaibiwa. Ile hundi imeandikwa kwenye akaunti, ila fedha yenyewe bado haijatoka benki ya aliyeitoa hundi. Salio la kwenye karatasi ni 937,000, analoweza kutumia ni 337,000. Ndiyo maana nawasihi watu: kabla ya kuahidi malipo, ulizia salio linaloweza kutumika. Hundi ikirudi, utaona 600,000 zikitoka kwenye mstari mpya, kwa kawaida zikitajwa pamoja na namba ya hundi ileile. Benki nyingine hazijumlishi hundi mpaka iive, kwa hiyo jua kwanza benki yako inafuata utaratibu gani.

Tuendelee. Hundi imeiva, tarehe 9 amelipa kwa kadi 85,000, mashine ikagoma, akapitisha tena. Kwenye taarifa kuna mistari miwili ya 85,000, tarehe moja, duka moja. Hapa kiasi hakikusaidii, namba ya kumbukumbu ndiyo inayosema. Namba mbili tofauti maana yake benki imehesabu miamala miwili. Linganisha na risiti: yenye risiti ni halali, nyingine ndiyo ya kudai. Kisha shuka chini polepole ukitafuta 85,000 iliyoingia ikiwa na namba ya ule muamala uliogoma. Ukiiona, fedha imerudi. Usipoiona, nenda tawini na namba hiyo imeandikwa kamili, maana karani akipewa tarehe na kiasi peke yake ataona mistari miwili inayofanana, asijue unalalamikia upi.

Malipo ya kadi ya siku za mwisho wa mwezi yana tabia ya kuandikwa mwezi unaofuata. Usiyafute kwenye daftari lako. Yawekee alama, na taarifa mpya ikija hakikisha kwanza salio lake la kufungulia ni lilelile ulilofungia, ndipo uyatafute kwenye mistari ya juu.