Mandala: jinsi Sri Yantra inavyotumika kukusanya fikra

Mandala ni mchoro uliopangwa kuzunguka kitovu kimoja, ambao Wahindu na Wabudha wameutumia kwa karne nyingi katika ibada na taamuli. Michoro inayojengwa kwa maumbo ya kihesabu, kama duara na pembetatu, kisha ikapewa maana ya kiroho, siku hizi huitwa jiometria takatifu. Kwa maoni yangu, Sri Yantra ya Wahindu ndiyo inayoeleza jambo hili vizuri kuliko nyingine. Katikati yake kuna nukta iitwayo bindu, na kuizunguka zimepandana pembetatu kubwa 9, ambapo 4 zimeelekeza ncha juu kumwakilisha mungu Shiva na 5 zimeelekeza ncha chini kumwakilisha mungu wa kike Shakti, na mapishano yao huzaa pembetatu ndogo 43. Nje yake kuna petali 8 za yungiyungi, kisha petali 16, na mwisho mraba wenye milango 4.

Anayetafakari huuweka mchoro usawa wa macho, akaanzia mlangoni na kuingia ndani pete kwa pete mpaka afike kwenye bindu, ambapo hukaza macho bila kuyahamisha. Husemwa kwamba macho yakishapata mahali pa kutua, fikra nazo hupata pa kurudi kila zinapotangatanga. Baada ya muda mfupi, mistari ya pembeni huanza kufifia au kutoweka kabisa, na wapo wanaolichukulia jambo hili kuwa ishara ya kiroho. Hata hivyo, Ignaz Troxler, tabibu wa Uswisi, alilieleza mwaka 1804: jicho lililotulia pahali pamoja huacha kuitikia kisichobadilika pembezoni mwake. Kufifia huko, basi, kunathibitisha tu kwamba macho yametulia, kwa kuwa yakisogea kidogo mistari hurudi papo hapo.

Kuichora kunadai umakini wa namna nyingine. Yapo makutano mengi ambapo mistari 3 hupaswa kupita katika nukta moja, na mstari mmoja ukiwekwa juu kidogo tu, mahali pa makutano hutokea kipembetatu kisichotakiwa, na kosa hilo huhamia kwenye mistari inayofuata. Mchoraji aliyeacha mawazo yazurure huliona kosa lake karatasini, na mara nyingi hulazimika kufuta na kuanza tena.

Kuhusu kupaka rangi mandala zilizokwisha kuchorwa, utafiti wa Curry na Kasser wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wasiwasi wa wanafunzi wa chuo ulipungua zaidi kuliko kwa waliopewa karatasi tupu. Lakini waliopaka rangi mchoro wa mirabamiraba nao walipata nafuu kama hiyo. Yaelekea, basi, kwamba kinachosaidia ni mpangilio unaouongoza mkono, ingawa utafiti huo ulipima wasiwasi, si umakini wenyewe.