Kutoka lita za oksijeni hadi kilokalori: maswali na majibu

Nilipimwa nikiwa kwenye baiskeli ya mazoezi, na karatasi inaonyesha VO2 ni lita 1.5 kwa dakika. Nitajuaje nimetumia kalori ngapi?

VO2 ni oksijeni ambayo mwili wako umeitumia. Zidisha lita hizo kwa thamani ya kalori ya oksijeni, yaani kiasi cha nishati ambacho mwili unakipata kila unapotumia lita moja ya oksijeni kuchoma chakula. Thamani hiyo huanzia kilokalori 4.69 mwili unapochoma mafuta matupu, na hufika 5.05 unapochoma wanga mtupu. Wengi huchukua 5 kwa sababu ni rahisi kuikokotoa kichwani, na kwa makadirio ya haraka inatosha: 1.5 mara 5 ni kilokalori 7.5 kwa dakika.

Ukitaka kuwa makini zaidi, tafuta kwenye karatasi hiyo hiyo namba ya VCO2, ambayo ni kabonidioksidi uliyoitoa. Tuseme ni lita 1.32 kwa dakika. Igawe kwa 1.5, utapata 0.88, na huo ndio uwiano ambao mashine huuandika RER. Uwiano wa 0.70 humaanisha mafuta na 1.00 humaanisha wanga, kwa hiyo 0.88 ni mchanganyiko wa vyote viwili, na katika majedwali ya fiziolojia thamani yake ni karibu kilokalori 4.90 kwa lita. Basi 1.5 mara 4.90 ni 7.35 kwa dakika, na kwa nusu saa ya mwendo huo huo ni kama kilokalori 220. Anayetumia kilojuli atazidisha jibu kwa 4.184.

Jumla hiyo inabeba pia nishati ambayo ungeitumia hata kama ungekaa tu kitini. Mtu mzima wa kilo 70 aliyetulia hutumia takriban lita 0.25 za oksijeni kwa dakika, ambazo ni kilokalori 1.2 hivi, na kwa nusu saa zinakuwa 36. Kwa hiyo baiskeli yenyewe imekugharimu karibu 184. Anayepanga mlo wake kwa kuongeza kalori za mazoezi juu ya mahitaji yake ya kila siku anapaswa kutumia namba hii ya pili, la sivyo atakuwa amezihesabu zile 36 mara mbili.

Nimefundishwa kwamba mafuta yana nishati nyingi kuliko wanga. Mbona hapa lita ya oksijeni inatoa kidogo kwenye mafuta?

Uliyofundishwa ni kweli kwa kila gramu, lakini hapa hatupimi gramu za chakula, tunapima oksijeni iliyotumika kukichoma. Molekuli ya glukosi ina oksijeni nyingi ndani yake tayari, kwa hiyo haihitaji nyingi kutoka nje. Moli moja ya glukosi, ambayo ni gramu 180, huchomwa na moli 6 za oksijeni, sawa na lita 134.4, na hutoa takriban kilokalori 673. Ukigawa, kila lita imetoa kilokalori 5.0.

Asidi ya palmitiki, mojawapo ya mafuta yaliyo mengi mwilini, ina oksijeni kidogo sana katika umbo lake. Moli moja huhitaji moli 23 za oksijeni, yaani lita 515, ili itoe kilokalori zinazokaribia 2,400. Nishati ni nyingi, lakini oksijeni iliyotumika ni nyingi zaidi, na kila lita imeambulia kama 4.7 tu. Ndiyo maana misuli inayofanya kazi kubwa, inapobanwa na kiasi cha oksijeni ambacho moyo unaweza kuisukumia, huegemea wanga.

Angalia pia kwamba tofauti kati ya ncha mbili hizo haifiki asilimia 8. Ukosefu wa uhakika kuhusu chakula kinachochomwa hauharibu hesabu sana. Kosa katika kupima oksijeni ndilo linaloiharibu.

Na protini je?

Mchango wake wakati wa mazoezi ya kawaida ni mdogo, na kuupima kikamilifu kunahitaji mkojo ukusanywe ili nitrojeni ijulikane. Mwaka 1949 Weir, aliyekuwa mwanafiziolojia huko Glasgow, alionyesha kwamba ukiuacha mkojo kosa linabaki dogo, na fomula yake fupi ndiyo iliyomo katika mashine nyingi hadi leo:

```
kcal/min = 3.941 × VO2 + 1.106 × VCO2
```

Weka 1.5 na 1.32 humo, utapata 7.37, ambayo inakubaliana na 7.35 tuliyoipata kwa jedwali.

Mwishoni mwa kipimo RER yangu ilipanda hadi 1.08. Nitumie thamani gani?

Tumia 5.05, na ulichukulie jibu kuwa makadirio ya chini. Hakuna chakula cha kawaida ambacho kikichomwa kwa wakati huo hutoa kabonidioksidi nyingi kuliko oksijeni kilichotumia namna hiyo. Ile ya ziada imetoka kwenye bikaboneti ya damu, inayozima asidi inayojikusanya misuli inapofanya kazi kwa nguvu kubwa, na pia kwenye kuhema kwa kasi. Gesi hiyo haina nishati ya kuhesabiwa, kwa hiyo ukiiingiza katika fomula ya Weir itaongeza kalori zisizokuwapo. Wakati huo huo, nishati ambayo misuli imeitoa kwa kutengeneza laktiki bila oksijeni haionekani kabisa katika VO2.

Dakika mbili tatu za mwanzo nazo haziaminiki, kwa kuwa kazi inaanza mara moja ilhali matumizi ya oksijeni yanapanda polepole. Hesabu hii inafaa pale VO2 inapokaa mahali pamoja kwa dakika kadhaa huku RER ikiwa chini ya 1.00.

Nilipimwa Dar es Salaam, kisha Nairobi, kwa kazi ile ile. Namba zikitofautiana sana, tatizo liko wapi?

Shuku kwanza namba ya kanieneo ya hewa ambayo fundi ameiandika kwenye mashine. Thamani za kalori tulizotumia ni za lita ya gesi kavu, kwenye nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya milimita 760 za zebaki; kwenye skrini hali hiyo huandikwa STPD. Hewa unayoitoa ina joto na mvuke, na Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, kanieneo ni kama milimita 625 tu, kwa hiyo lita moja huko ina molekuli chache kuliko lita ya pwani.

Chukua lita 40 za hewa iliyotolewa kwa dakika. Dar es Salaam, ikipimwa kwenye nyuzi 30, huzidishwa kwa takriban 0.86 na kuwa lita 34.5. Nairobi, kwenye nyuzi 20, huzidishwa kwa takriban 0.75 na kuwa lita 30. Mashine iliyohamishwa kutoka pwani bila kurekebishwa kanieneo yake itakupa Nairobi kalori nyingi kuliko ulizotumia, na kosa hilo ni kubwa mara kadhaa kuliko kosa la kuchagua 5 badala ya 4.90.

Njia nyepesi ya kuligundua ni kuomba upimwe kwanza ukiwa umelala macho, umetulia na hujala. Mtu wa kilo 70 akisomeka lita 0.30 au zaidi kwa dakika katika hali hiyo, na hana homa wala ugonjwa unaoharakisha matumizi ya nishati, mwombe fundi aangalie kanieneo na aisawazishe mashine upya kabla hujapanda baiskeli.