Mshipi wa nyuzi 72: yanayodhaniwa kuhusu navjoti

Ukimwambia mtu kwamba Farrokh Bulsara, yaani Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alitoka familia ya Waparsi, swali huwa moja: hao si waabudu moto? Waparsi ni Wazoroasta wa India, yaani wafuasi wa nabii Zoroasta, watu wa asili ya Uajemi, na wengi wao wako Mumbai. Mtoto wao huingizwa dinini kwa ibada iitwayo navjoti, na hapo ndipo dhana nyingi huanzia.

Dhana: Mtoto hukabidhiwa kwa moto.

Moto upo kweli, ndani ya chombo cha chuma au fedha, ukilishwa vipande vya msandali na ubani. Lakini mtoto hauombi moto. Anamkiri Ahura Mazda, Mungu mmoja, na moto kwake ni kama kibla: mahali pa kuelekeza uso.

Dhana: Ni ubatizo wao, au jando lao.

Mtoto mchanga hubatizwa bila kusema neno. Navjoti haifanyiki mpaka mtoto aweze kusema mwenyewe, kwa kawaida kati ya miaka 7 na 11. Wala si jando: hakuna kukatwa, hakuna siri ya porini, na wavulana na wasichana hupitia ibada ileile.

Kwanza huoga. Kabla ya kuoga hutafuna jani la komamanga na kuonja tone la nirangi, ambayo ni mkojo wa fahali uliosomewa dua. Hapo wageni hukunja uso, na si wageni peke yao. Zipo familia ambazo siku hizi huweka maji ya komamanga. Kisha mtoto huketi mbele ya kuhani akiwa na suruali nyeupe na kofia, shali imemfunika kifua kitupu.

Dhana: Shati na mshipi ni hirizi.

Hirizi huvaliwa ikasahauliwa. Hivi viwili havisahauliki. Shati, yaani sudre, ni la melimeli nyeupe na huvaliwa juu ya ngozi, chini ya nguo nyingine. Kooni lina kifuko kidogo sana, girebani, ambacho hakiingii hata sarafu ya maana. Mtoto huambiwa ni mfuko wa matendo mema, kwa hiyo hauna budi kujazwa.

Mshipi, kusti, husokotwa kwa nyuzi 72 za sufu ya kondoo, sawa na sura 72 za Yasna, kitabu cha ibada yao, na ncha zake huishia kwenye matamvua. Kazi ya mtoto imo katika kuufunga. Huuzungusha kiunoni mara tatu, kwa ajili ya mawazo mema, maneno mema na matendo mema, huku akisoma kwa Kiavesta, lugha ambayo hakuna anayeizungumza nyumbani. Anapotaja uovu huzipunga ncha hewani, kama mtu anayefukuza nzi.

Fundo la mbele lina nusu mbili, na kila nusu hukazwa katika dua ya Yatha Ahu Vairyo, yenye maneno 21, mtoto anapofika kwenye neno lenye maana ya matendo. Akisoma haraka kuliko mikono, neno limepita na fundo bado. Akikosea mkunjo wa pili utaona mara moja: ncha hazilali ubavuni, zinasimama juu na chini. Fundo la nyuma hufungwa bila kuliona, akisoma Ashem Vohu, dua fupi ya maneno 12. Ndiyo maana masomo huchukua miezi, ingawa dua zenyewe si ndefu.

Siku ya ibada kuhani humvika sudre, kisha husimama nyuma yake na kumfunga kusti, wote wawili wakisoma. Tangu hapo mtoto hufungua na kufunga mwenyewe: akiamka, akitoka msalani, kabla ya kusali.

Dhana: Yeyote akitaka atavishwa.

India hapana, kwa kawaida. Mahakama Kuu ya Bombay, yaani Mumbai ya leo, mwaka 1908, iliwahesabu kuwa Waparsi watoto wa baba Mparsi hata kama mama si Mparsi. Mtoto wa mama Mparsi na baba asiye Mparsi hukataliwa na makuhani wengi, na ugomvi huo haujaisha. Amerika ya Kaskazini wapo makuhani wasiouliza sana.

Dhana: Karamu ni mbwembwe tu.

Dini hii haina mfungo, na furaha haionewi aibu. Kuhani akimaliza dua ya afya humwagia mtoto mchele, vipande vya nazi, lozi na zabibu kavu. Jioni wageni huitwa kwa kelele waje kula, na chakula hupakuliwa juu ya jani la mgomba: samaki aliyepakwa chatine ya nazi na kotimiri akapikwa ndani ya jani, kuku chini ya rundo la viazi vilivyokatwa kama njiti, pilau na dengu, na mwisho kastadi. Mtoto naye hupokea bahasha za pesa, na huzihesabu mapema kabla mama hajazichukua.