"Damu inapita" si ushahidi kwamba ovari haijajisokota

Wiki hii nimesoma tena sentensi ileile chini ya ripoti ya ultrasaundi: "Dopla inaonyesha damu inapita, ovari haijajisokota." Dopla ni sehemu ya ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu. Ndiyo sentensi aliyokuja nayo binti wa miaka 24 mwanzoni mwa mwaka, amejikunja kwenye kiti, ndoo mapajani. Usiku aligeuka kitandani, maumivu yakamchoma ghafla chini ya tumbo upande wa kulia, akatapika palepale. Kipimo cha mimba hakikuonyesha kitu. Kwa kuwa "damu inapita", akapewa dawa za maumivu na kurudishwa nyumbani.

Jamani, ovari inalishwa na njia mbili: ateri yake inayoshuka kutoka aota, na matawi ya ateri ya kizazi. Ikijisokota, vena ndizo zinazobanwa kwanza kwa sababu kuta zake ni laini. Ateri ina kuta nene, inaendelea kusukuma. Damu inaingia, haitoki, ovari inavimba. Dopla itaona mapigo ya ateri vizuri kabisa huku ovari inakufa. Na wakati mwingine inajisokota, inajiachia, inajisokota tena. Ukipima ikiwa imejiachia, picha itakuwa shwari. Damu isipoonekana, nakubali kwamba hali ni mbaya. Ikionekana, bado hujaondoa wasiwasi.

Kwenye ripoti ile, habari ilikuwa mistari miwili juu zaidi: ovari ya kulia sentimita 7, ina uvimbe wa maji, imehamia nyuma ya kizazi, ya kushoto sentimita 3. Ukiunganisha hayo na maumivu ya ghafla ya upande mmoja na kutapika, mgonjwa anakwenda thieta.

Tuliingiza kamera kupitia tundu la kitovuni. Ovari pamoja na mrija wake vilikuwa vimezunguka mara mbili na nusu, rangi ya zambarau iliyoiva. Tukavizungusha kinyume taratibu, tukasubiri dakika kumi. Rangi ilibadilika kidogo tu.

Hapo ndipo ovari nyingi hukatwa bure. Weusi ule kwa sehemu kubwa ni damu iliyotuama. Macho yetu ni hakimu mbaya wa kipi kimekufa. Niliiacha. Uvimbe wenyewe nao sikuugusa siku ile, maana nyama iliyovimba huchanika ovyo, ingawa wenzangu wengine huutoa papo hapo na siwezi kusema wanakosea. Kuishona ovari isizunguke tena ni jambo ambalo bado linanisumbua. Mara ya kwanza huwa sifanyi. Na hakuna saa maalumu ambayo ikipita tunasema basi, ingawa kila saa inayopotea inapunguza nafasi ya kuiokoa.

Wiki sita baadaye nilimpima mwenyewe. Uvimbe ulikuwa umenywea hadi sentimita 2, na pembeni yake nikahesabu vifuko vinne vya mayai.