Mkaguzi wa hesabu, siri ya kazi na barua kwa mwendesha mashtaka

Wafanyabiashara wa Lubumbashi huniuliza mara nyingi swali lilelile: mkaguzi akigundua kwamba mkurugenzi wa kampuni anaiba, ana ruhusa ya kumwambia nani? Wengine wanadhani kwamba ni lazima anyamaze kwa sababu kampuni ndiyo inayomlipa. Wengine wanadhani kwamba ana haki ya kutangaza kwa sababu wizi ni wizi. Majibu yote mawili ni ya hatari, na la pili linaweza kumfikisha mkaguzi mwenyewe mahakamani.

Katika nchi yetu, ambayo iliingia rasmi katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, tarehe 12 Septemba 2012, jambo hili linatawaliwa na Sheria ya Pamoja ya kampuni za biashara iliyorekebishwa mwaka 2014, hasa vifungu viwili vinavyofuatana. Kifungu cha 717 kinamfunga mkaguzi, wasaidizi wake na wataalamu anaowatumia kutunza siri ya mambo yote waliyoyajua kwa sababu ya kazi yao. Kifungu cha 716 kinafungua milango miwili. Mkaguzi ataueleza mkutano mkuu ujao wa washirika makosa na upungufu alioukuta, na atamfunulia mwendesha mashtaka wa serikali matendo ya jinai aliyoyajua akiwa katika kazi yake, bila kuweza kushtakiwa kwa ufunuo huo. Kifungu cha 899 kinaongeza kwamba mkaguzi asiyefunua matendo hayo anatenda kosa yeye mwenyewe. Kwa upande mwingine, kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo kinampa kifungo mtu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake, isipokuwa anapoitwa kutoa ushahidi mbele ya mahakama au pale sheria inapomlazimisha kusema. Kwa hiyo kunyamaza mahali pasipofaa ni kosa, na kusema mahali pasipofaa pia ni kosa.

Kwa kuwa siwezi kusimulia mambo ya wateja wangu, nitatumia kisa nilichokitunga, ingawa kila kipande chake ni cha aina tunayokutana nayo kazini.

Tuchukue kampuni ya SARL, yaani yenye dhima ya kikomo, ya washirika watatu, inayosafirisha mizigo ya migodi kati ya Kolwezi, Lubumbashi na Kasumbalesa. Mmoja wa washirika ndiye meneja. Katika kukagua manunuzi, msaidizi wangu anakuta faktire 7 za matairi kutoka duka moja, kila moja dola 12,000, juu yake kodi ya TVA ya asilimia 16, yaani dola 1,920. Jumla ya yote ni dola 97,440. Faktire ya kwanza ni ya Februari na ya mwisho ni ya Novemba, lakini namba zake zinafuatana moja kwa moja, kutoka 011 hadi 017. Hiyo inaashiria kwamba katika muda wa miezi tisa duka hilo halikumwandikia mteja mwingine yeyote hata faktire moja. Bohari haina hati ya kupokea matairi hayo, na daftari la matengenezo ya malori halionyeshi kwamba yalifungwa popote.

Hapo bado sijui kama kuna jinai. Inawezekana kwamba mtunza bohari ni mzembe, na kwamba duka lina vitabu kadhaa vya faktire. Hatua inayofuata inahitaji uangalifu, kwa sababu uchunguzi wenyewe unaweza kuvunja siri. Nikimpigia mwenye duka simu na kumwuliza kama kweli aliuza matairi hayo, nimekwisha kumjulisha mtu wa nje kwamba hesabu za mteja wangu zina shaka. Barua ya kuthibitisha deni hupelekwa kwa kibali cha mteja. Lakini rejesta ya biashara, RCCM, iko wazi kwa kila mtu. Ninaweza kuomba dondoo ya duka hilo bila kueleza ninaitakia nini. Katika kisa chetu dondoo inaonyesha kwamba meneja ana nusu ya hisa za duka, na kwamba anwani ya duka ni nyumba ya makazi.

Sasa sura ya jambo imebadilika. Kifungu cha 891 cha Sheria ya Pamoja kinamhukumu meneja wa SARL ambaye, kwa nia mbaya, anatumia mali ya kampuni kinyume cha faida yake, kwa manufaa yake binafsi au ya kampuni nyingine ambayo ana maslahi ndani yake. Sheria haikuweka kiwango cha fedha, wala haikumtaka mkaguzi athibitishe nia mbaya kama hakimu. Inatosha kwamba matendo yaliyoonekana yanafanana na yale ambayo sheria inayakataza, na kwamba maelezo ya kawaida yamekosekana. Makosa ya hesabu ya kila siku, kama malipo yaliyoandikwa kwenye akaunti isiyo yake, hayaendi kwa mwendesha mashtaka, na mkaguzi anayepeleka kila kitu huko ameshindwa kazi yake sawasawa na yule asiyepeleka chochote.

Kabla ya kuandika lolote ninaomba maelezo. Ninamwuliza meneja, kwa maandishi, matairi yako wapi, nani aliyapokea, na kwa nini uhusiano wake na duka haukutajwa. Mikataba kati ya kampuni na meneja wake ina utaratibu wake wa kufuata mbele ya washirika, na kutoitaja ni upungufu unaojitegemea. Kwa kawaida jibu ndilo linalokata shaka. Meneja mwenye haki huleta hati siku hiyohiyo. Asiye na haki hukasirika, huahirisha, au huleta hati ya kupokea mzigo iliyoandikwa jana kwa tarehe ya Februari. Ikiwa ninaona kwamba swali litafanya karatasi zipotee, nakusanya nakala zote kwanza, halafu ndipo ninauliza.

Barua kwa mwendesha mashtaka wa parke, yaani ofisi ya mashtaka, ya Tribunali Kuu ya Lubumbashi ni fupi kuliko watu wanavyofikiri. Inataja wadhifa wangu na mkutano ulioniteua, inaeleza faktire kwa namba, tarehe na kiasi, inasema kwamba hakuna hati ya kupokea mzigo, inataja yanayosomeka katika dondoo ya RCCM, na inaeleza swali nililomwuliza meneja na jibu lake. Neno «mwizi» halimo, wala «nadhani». Naambatanisha nakala za karatasi zinazohusu jambo hilo tu. Mishahara ya madereva, bei ambazo kampuni inawatoza wenye migodi na madeni yake benki hayahusiki na matairi, na bado yanalindwa na kifungu cha 717 hata mbele ya ofisi hiyo, mpaka sheria itakapoyaita. Naipeleka kwa mkono, na nakala yangu inapigwa mhuri wa mapokezi, kwa sababu siku moja nitatakiwa kuonyesha lini nilisema na nilisema nini.

Kuna mlango wa tatu ambao wengi wanauchanganya na huo. Sheria namba 22/068 ya tarehe 27 Desemba 2022, inayopambana na utakatishaji wa fedha, inawataka wataalamu wa hesabu pia wapeleke tamko la shaka kwa CENAREF, ofisi ya taifa ya taarifa za fedha iliyoko Kinshasa, pale wanapohisi kwamba fedha zinatokana na jinai. Tofauti kubwa ni kwamba tamko hilo ni siri hata kwa mteja mwenyewe. Ninaweza kumwuliza meneja kuhusu matairi, kwa kuwa hilo ni swali la ukaguzi; siwezi kumwambia, wala kumdokezea, kwamba tamko limekwenda Kinshasa. Kwa sababu hiyo barua hizo mbili hazikai katika faili moja ofisini kwangu, na msaidizi asiyehusika haioni ile ya pili.

Sehemu ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni washirika wenyewe. Tuseme mmoja wa wale washirika wawili wasio wasimamizi ni mama wa makamo, na ananikuta njiani Kamalondo.

«Papa, nasikia mmeona mambo katika faktire. Mimi nimeweka fedha zangu mule. Niambie tu mimi, sitamwambia mtu.»

«Mama, nakuheshimu sana, lakini nitakachosema nitakisema mbele ya mkutano, ninyi wote mkiwapo.»

Jibu hilo linauma, kwa sababu fedha ni zake kweli. Lakini sheria imenipa mkutano kama mahali pa kuwaambia washirika. Nikimnong’oneza mmoja, nimempa silaha ambayo mwenzake hana, na anaweza kuuza hisa zake kesho kwa mtu asiyejua. Ninachoweza kumweleza ni sheria yenyewe, ambayo si siri ya mtu. Mshirika asiye meneja anaweza kumwandikia meneja maswali mara mbili kwa mwaka wa hesabu kuhusu mambo yanayohatarisha uhai wa kampuni, na meneja analazimika kujibu kwa maandishi ndani ya siku 15 na kunipa nakala. Vilevile, washirika wenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji wanaweza kuiomba mahakama iteue mtaalamu wa kuchunguza tendo fulani la usimamizi. Maneno hayo ningemwambia mshirika yeyote, siku yoyote.

Ofisa wa benki anayeuliza kama kampuni ni salama kabla ya kuikopesha hapati neno. Mwandishi wa habari naye hapati neno, hata akiwa tayari na karatasi zote mkononi, kwa kuwa kuthibitisha ni kufunua.

Yote niliyoeleza ni ya mkaguzi aliyeteuliwa kisheria. Mtaalamu wa hesabu anayeandaa vitabu kwa mkataba tu hana mlango wa kifungu cha 716, wala kinga yake. Yeye amezungukwa na siri ya kazi pamoja na maadili ya taaluma, na njia yake ni kuongea na wasimamizi, kupanda hadi kwa washirika, kukataa kutia sahihi kwenye hesabu za uongo, na kwenda CENAREF pale sheria ya mwaka 2022 inapomtaka. Nimeona vijana wakichanganya nafasi hizo mbili, wakaandika barua kwa parke wakidhani wanalindwa.

Hata kwa mkaguzi wa kisheria, kujiuzulu hakufuti wajibu. Aliyejua mwezi wa Aprili akaondoka Mei kimya kimya bado alijua Aprili. Na kama baada ya barua miezi inapita bila mwendesha mashtaka kuita mtu, hasira yake haimpi mkaguzi ruhusa mpya ya kusema. Kufungua kesi au kutofungua ni uamuzi wa parke. Mkaguzi anarudi kwenye ripoti yake, anaandika kama faktire hizo 7 zimeharibu ukweli wa hesabu za mwaka, anausomea mkutano aliyoyakuta, na anaendelea kutunza siri ya mengine yote hata baada ya kipindi chake kwisha.